Mwenge, kivuli na ukuta wenye mbonyeo: taa za 2D kwa ramani ya nomali katika Godot 4

Wanaoanza huuliza mambo manne, na karibu kila mara ni yale yale. Nimeweka ramani ya nomali, mbona ukuta umekuwa mweusi? Mbona mbonyeo unaonekana kinyume, matofali yamezama badala ya kutokeza? Mbona mhusika anageuka giza totoro nikiwasha vivuli? Na mbona ule mwenge wangu una kona nne kama boksi? Mwongozo huu unayajibu kwa kujenga kitu kimoja kuanzia mwanzo: ujia wa mawe usiku, unaotazamwa kwa ubavu, wenye ukuta nyuma, nguzo mbili, mwenge mmoja ukutani na mhusika anayepita.

Natumia Godot 4. Ukiwa unafuata video za zamani za Godot 3 utachanganyikiwa mapema, kwa sababu kule spraiti ilikuwa na nafasi yake ya ramani ya nomali na taa iliitwa `Light2D`. Siku hizi ramani huingia kupitia `CanvasTexture`, na taa ya mwenge inaitwa `PointLight2D`. Yaliyo mengine ya dhana hayajabadilika.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Godot 4, toleo lolote. Kuanzia 4.3 vigae hupangwa kwa `TileMapLayer`. Kabla ya hapo ni `TileMap`.
- Programu ya kuchorea. Aseprite, Krita au GIMP, chochote ulichozoea.
- Laigter, programu ya bure inayotengeneza ramani za nomali kutokana na spraiti.
- Spraiti tatu: kigae cha ukuta cha pikseli 32 kwa 32, nguzo, na mhusika. Moto wa mwenge uwe spraiti ya nne, peke yake, usiushikanishe na kijiti chake.

Nadharia yenyewe ni fupi. Ramani ya nomali ni picha ya pili yenye ukubwa ule ule na spraiti, ila rangi zake hazikukusudiwa kutazamwa. Nyekundu inasema pale pikseli ilipo uso umeelekea kulia au kushoto. Kijani inasema juu au chini. Bluu inasema uso umekuelekea wewe mtazamaji kiasi gani. Sehemu iliyo bapa kabisa ni 128, 128, 255, ndiyo maana ramani hizi zote zina ile rangi ya bluu inayoelekea zambarau. Injini inalinganisha mwelekeo huo na mahali taa ilipo, kisha inaamua pikseli ipate mwanga kiasi gani.

1. Chora bila mwanga

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na hakuna mpangilio wa injini unaoweza kuiokoa. Mchoraji wa gemu za pikseli amezoea kuweka mng'ao juu kushoto na kivuli chini kulia kwenye kila jiwe. Ukimletea jiwe hilo mwenge kutoka kulia, jicho linaona taa mbili zinazogombana: ile iliyochorwa na ile inayowaka. Ukuta unaonekana mchafu, na mtu anailaumu ramani.

Kwa hiyo rudi kwenye kigae chako ukiondoe mwanga. Bakiza rangi ya jiwe, madoa, ukungu, nyufa, na tofauti kati ya jiwe na jiwe. Giza dogo ndani ya nyufa si tatizo, kwa kuwa ufa ni mweusi mwanga utokee upande wowote. Kinachotoka ni ule mng'ao wa upande mmoja na kivuli cha upande wa pili. Kigae kitaonekana kimepooza ukikitazama chenyewe. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

2. Tengeneza ramani

Fungua kigae katika Laigter. Programu inakisia mwinuko kwa kuangalia weupe: pikseli ng'avu inachukuliwa imetokeza, yenye giza imezama. Kwa ukuta wa mawe wenye viungo vya giza makisio hayo yanafaa sana. Vitelezi vya `Enhance` vinashughulikia vijimbonyeo vidogo vya juujuu, na vile vya `Bump` vinaumba umbo zima kama lililovimba kutoka kwenye kingo zake. Kwa ukuta ninategemea `Enhance`, `Bump` naiacha karibu na sifuri. Kwa nguzo au mhusika nafanya kinyume, maana mwili una uviringo kuliko vikwaruzo.

Makisio ya weupe huanguka palipo na rangi zinazotofautiana bila kutofautiana mwinuko. Mhusika mwenye fulana ya mistari myeupe na myeusi atatoka na mbavu kama za bati. Mstari mweusi unaozunguka spraiti nao utageuka mtaro. Dawa ni kutompa Laigter spraiti yenyewe. Tengeneza nakala ya kijivu, uipake kwa mkono: nyeupe kilicho karibu nawe, nyeusi kilicho mbali, mistari ya nguo usiiweke kabisa. Zalisha ramani kutoka kwenye nakala hiyo. Kwa mhusika wa pikseli 24 kwa 32 kazi hiyo ni fupi, na matokeo yake yanashinda kuvutavuta vitelezi jioni nzima. Wanaotumia Aseprite wana pia gurudumu la rangi za nomali, kwa hiyo unaweza kurekebisha pikseli moja moja pale pua au mkono ulipokosewa.

Hifadhi kama `ukuta_n.png`, ukubwa ule ule, mpangilio ule ule wa fremu. Kabla ya kufunga, angalia kijani. Godot inatumia mtindo wa OpenGL, ambapo kingo zinazotazama juu huwa na kijani kingi. Tazama chaneli ya kijani peke yake: ukuta uonekane kama unaangaziwa kutoka juu. Ukionekana umeangaziwa kutoka chini, ramani ni ya mtindo wa DirectX, na utaigeuza kwa kupindua mhimili wa Y kwenye Laigter.

Onyo kwa wanaotengeneza fremu za kushoto kwa kugeuza za kulia ndani ya programu ya kuchorea: ukigeuza picha ya ramani, pikseli zinahama lakini maana yake haihami. Bega la kulia sasa liko kushoto, bado likisema "nimeelekea kulia". Lazima upindue chaneli nyekundu pia. Ni rahisi zaidi kuchora upande mmoja tu na kutumia `Flip H` ya Godot, ambayo inapindua mwelekeo wa nomali yenyewe.

3. Unganisha picha mbili

Kwenye `Sprite2D`, nafasi ya `Texture`, usiburute PNG moja kwa moja. Chagua `New CanvasTexture`, uifungue, uweke `ukuta.png` kwenye `Diffuse` na `ukuta_n.png` kwenye `Normal Map`. `Specular` iache wazi kwa sasa; mawe makavu hayang'ai. Hifadhi rasilimali hiyo kama `ukuta.tres` ili uitumie tena, hata kwenye `TileSet`, ambako inaingia mahali pa picha ya kawaida ya vigae.

Kwa mhusika mwenye mwendo napendelea `Sprite2D` yenye `Hframes` na `AnimationPlayer`. Ukanda mmoja wa fremu, ukanda mmoja wa ramani, `CanvasTexture` moja, na hakuna fremu inayoweza kuachana na ramani yake.

Kama ni sanaa ya pikseli, nenda `Project Settings`, `Rendering`, `Textures`, uweke `Default Texture Filter` kuwa `Nearest`. Bila hivyo ramani inalainishwa kati ya pikseli na kingo za mawe zinakuwa za uji. Na kwenye uingizaji wa picha acha `Compress Mode` iwe `Lossless`, kwa sababu ubanaji wa VRAM unaacha viboksi kwenye ramani.

4. Lete usiku

Ongeza nodi ya `CanvasModulate`, rangi `#262b45`. Mandhari nzima itazama kwenye bluu ya giza. Hii ndiyo rangi ya kila kisichofikiwa na taa, kwa hiyo usiweke nyeusi tupu. Watu wengi watacheza gemu yako kwenye simu, wengine wakiwa nje mchana, na skrini yenye nyeusi tupu humo inakuwa kioo cha kujitazamia.

Vitufe, alama za uhai na maandishi yaweke ndani ya `CanvasLayer` yake, maana `CanvasModulate` haivuki kutoka tabaka moja kwenda jingine.

5. Washa mwenge

Ongeza `PointLight2D` pale ulipo mwenge. Haitaonyesha chochote hadi uipe picha ya mwanga kwenye `Texture`. Chagua `New GradientTexture2D`, kisha:

- `Width` na `Height`: 256 na 256
- `Fill`: `Radial`
- `Fill From`: 0.5, 0.5
- `Fill To`: 1.0, 0.5
- Rangi: nyeupe mwanzo, nyeusi kamili mwisho, na nukta moja ya kijivu cha asilimia 30 katikati

Nukta ile ya katikati ndiyo inayofanya mwanga ushuke haraka karibu na moto kisha upungue polepole, badala ya kushuka kwa mstari mmoja ulionyooka. Na `Fill To` ikibaki ilivyokuwa, utapata duara lililokatwa, au ule mwenge wa kona nne uliotajwa juu.

Rangi ya taa iwe `#ffb45e`, `Energy` 1.2. Kwa `Texture Scale` ya 1, mwanga unafika pikseli 128 kila upande. Kwa dirisha la 320 kwa 180 hiyo inatosha kuangaza kipande cha ujia na kuacha kona gizani.

Spraiti ya moto ipe `CanvasItemMaterial` yenye `Light Mode` ya `Unshaded`. Moto ndio chanzo cha mwanga. Usipofanya hivi utapakwa giza na `CanvasModulate` kama jiwe lolote.

6. Inua taa

Hili ndilo jibu la swali la ukuta mweusi. `PointLight2D` ina sifa inayoitwa `Height`, na inaanza na 0. Maana yake taa imelala kwenye uso wa ukuta wenyewe. Pikseli bapa inayokutazama wewe haipati chochote, kwa sababu mwanga unapita sambamba nayo. Kinachoangazwa ni kingo tu. Kabla ya kuweka ramani hukuliona tatizo hili kwa kuwa spraiti isiyo na ramani hupokea mwanga wote bila kuulizwa imeelekea wapi.

`Height` inapimwa kwa pikseli. Ukiweka 40, kitu bapa kilicho pikseli 40 kutoka kwenye taa kinapigwa kwa nyuzi 45 na kupata kama asilimia 70 ya mwanga uliofika pale. Kwa umbali wa pikseli 120, taa ile ile inakipa asilimia 32 tu, na huko ndiko kingo za mawe zinapoanza kujitokeza kwa nguvu kuliko nyuso zake. Ukishusha `Height` hadi 10, hata jiwe lililo pikseli 40 tu litapata asilimia 24, na ukuta utaonekana wa mikwaruzo mitupu. Ukipandisha hadi 300, karibu kila kitu kinapigwa kutoka mbele, mbonyeo unafutika, na kazi ya hatua ya pili imepotea.

Kwa mwenge wa ukutani wenye mwanga wa pikseli 128 naanza na 30 na kusogeza kidogo kidogo. Mwenge anaoubeba mhusika naupa zaidi, 45 hivi, ili uso wake usigawanyike nusu nyeupe nusu nyeusi kila anapogeuka.

Jaribu sasa: shika taa kwa panya, izungushe juu ya ukuta. Upande wa jiwe unaoelekea taa ung'ae, wa pili ufifie, na zibadilishane taa ikihamia upande mwingine. Usiendelee na vivuli kabla hili halijakaa sawa, maana ukivichanganya hutajua kosa liko wapi.

7. Weka vivuli

Kwenye taa washa `Shadow`, `Enabled`. Kisha kila kinachozuia mwanga kipe mtoto wa aina ya `LightOccluder2D`, bofya `New OccluderPolygon2D`, uchore umbo kwa nukta nne hadi nane. Usifuate kila pikseli ya spraiti; umbo la kivuli halihitaji hivyo, na kila nukta ina gharama.

Nani apewe kizuizi? Nguzo, sakafu, makasha. Ukuta wa nyuma usipewe kamwe, kwa kuwa ndio turubai inayopokea mwanga. Nimeona miradi ambamo kila kigae cha ukuta wa nyuma kina kizuizi na mwenye gemu anashangaa kwa nini mwenge haufiki popote. Vigae vya sakafu vinachorewa vizuizi ndani ya `TileSet` yenyewe, baada ya kuongeza tabaka chini ya `Rendering`, `Occlusion Layers`.

Sasa nguzo itakuwa nyeusi. Ukingo wake wa mbele umezuia mwanga, na mwili wote uko nyuma ya ukingo huo. Fungua `OccluderPolygon2D` ujaribu `Cull Mode`: moja kati ya `Clockwise` na `CounterClockwise`, kutegemea ulichora nukta kwa mzunguko gani, itaacha ukingo wa mbele na kuzuia kwa ule wa nyuma. Nguzo inabaki na mwanga pamoja na mbonyeo wake, kivuli kinaanzia mgongoni.

Mhusika anayebeba mwenge ana shida kubwa zaidi, kwani taa iko ndani ya kizuizi chake mwenyewe. Hapo tumia barakoa. Kizuizi cha mhusika kiwe na `Occluder Light Mask` ya 2 peke yake. Mwenge wake uwe na `Shadow`, `Item Cull Mask` ya 1 peke yake. Mwenge wa ukutani uwe na 1 na 2. Matokeo: mwenge wa ukutani unamfanya mhusika atupe kivuli, wa kwake hauzibwi naye. Angalia usichanganye na `Item Cull Mask` iliyo chini ya `Range`. Ile inaamua nani aangazwe, hii inaamua nani atupe kivuli. Majina yanafanana kiasi cha kuudhi.

Kingo za kivuli zikiwa na meno, badilisha `Filter` kuwa `PCF5` na `Filter Smooth` kati ya 1 na 3. Kwa sanaa ya pikseli mimi huziacha na `None`. Kivuli laini juu ya pikseli kubwa kinaonekana kimetoka gemu nyingine.

Kuna jambo ambalo mfumo huu hauliwezi: kivuli hakina urefu. Kasha dogo na nguzo ndefu vyote vinatupa kivuli hadi mwisho wa mwanga, kwa sababu vizuizi havina kimo. Kwa ujia wetu haisumbui. Kwa gemu inayotazamwa kutoka juu itakusumbua, na wengi wanaishia kuchora kivuli cha miguuni kwa mkono na kuacha vizuizi kwa kuta pekee.

8. Tikisa moto

Wengi huanza na nambari za bahati nasibu kila fremu, na mwenge unawaka kama taa ya disko. Moto halisi unapanda na kushuka kwa kufuatana. Tumia kelele laini:

```gdscript
extends PointLight2D

@export var nguvu := 1.2
@export var mtikisiko := 0.25
var kelele := FastNoiseLite.new()
var muda := 0.0

func _ready() -> void:
	kelele.seed = randi()
	kelele.frequency = 3.0

func _process(delta: float) -> void:
	muda += delta
	energy = nguvu + kelele.get_noise_1d(muda) * mtikisiko
```

Kwa kuwa kila mwenge unapata `seed` yake, mienge miwili haitatikisika kwa pamoja. Usitikise mahali pa taa kwa zaidi ya pikseli moja au mbili: taa ikisogea, vivuli vyote vinasogea nayo, na nguzo ya mbali inazidisha mtikisiko huo mara kadhaa. Mchezaji atachoka macho.

9. Rangi ya usiku

Hali ya ujia inatokana na umbali kati ya rangi ya mwenge na rangi ya giza. Chungwa juu ya bluu inaleta usiku wa baridi wenye kimbilio moja. Badilisha giza liwe kijani kilichofifia, `#24302a`, mwenge ukiwa ule ule, na ujia unakuwa wa unyevu na ugonjwa. Kama ujia una dirisha, ongeza `DirectionalLight2D` ya bluu, `Energy` 0.2, bila vivuli, ili kingo za juu za mawe zipate mbalamwezi kidogo. Tahadhari: `Height` ya taa hii haipimwi kwa pikseli, inaenda kutoka 0 hadi 1.

Mambo yakienda kombo

*Ukuta mweusi, kingo tu zinang'aa.* `Height` ni 0 au ndogo mno.

*Mawe yamezama badala ya kutokeza.* Kama kosa linaonekana taa ikiwa juu au chini tu, kijani kimepinduka. Likionekana kushoto na kulia tu, ni nyekundu. Likionekana kote, makisio ya weupe yamekwenda kinyume: viungo vya mawe ni ving'avu kuliko mawe yenyewe. Geuza nakala ya kijivu.

*Taa haionyeshi tofauti yoyote.* Angalia kama ina `Texture`, kisha kama `CanvasModulate` ipo. Juu ya mandhari ambayo tayari ni nyeupe, taa haina pa kuongeza.

*Boksi hafifu kuzunguka mwanga.* Rangi ya mwisho ya mteremko wa `Gradient` si nyeusi kamili, hata kama jicho linasema ni nyeusi. Andika `#000000` kwa mkono.

*Mwanga una pete pete gizani.* Mteremko mpana wenye rangi chache hauwezi kuficha ngazi zake. Punguza `Texture Scale`, au zikubali kabisa: weka `Interpolation Mode` ya `Gradient` kuwa `Constant`, uchague pete nne au tano mwenyewe. Kwenye pikseli inapendeza.

*Mwenge mmoja unazimika ukisogea karibu na mingine.* Kitu kimoja kinaweza kuguswa na taa chache tu kwa wakati mmoja, kama 15 hivi. Ukuta wa nyuma ukiwa spraiti moja ndefu, mienge yote ya ujia inahesabiwa juu yake. Ukate vipande.

*Simu inapata moto na fremu zinashuka.* Zima vivuli kwenye kila taa isipokuwa mwenge wa mhusika na ule ulio karibu naye, kwa sababu kila taa yenye kivuli inachora vizuizi vyake upya. Ikibaki nzito, punguza ukubwa wa taa zinazofunika skrini nzima kabla hujagusa ramani za nomali. Zenyewe ni nafuu, na gharama kubwa iko kwenye pikseli ambazo taa nyingi zinakaliana juu yake.